Giga 180 zibaki Lubumbashi, proksi ndizo zisafiri

*“Jambo Mzee. Niko Lubumbashi, Katuba. Nimemaliza kupiga filamu ya mafundi wa malakiti: karibu saa nne za picha za 4K, kamera mbili za Lumix GH5 na klipu chache za simu, jumla kama giga 180. Sauti iliingia moja kwa moja kwenye kamera. Mhariri wangu yuko Dar es Salaam, na sote tunatumia DaVinci Resolve ya bure kwenye Windows. Intaneti yangu ni ya simu tu, nanunua mega kidogo kidogo. Nilijaribu kutuma klipu moja usiku kucha, ikakatika njiani na mega zikaisha. Nifanyeje?”*

Jambo sana, mdogo wangu. Tuanze na hesabu ya ile klipu iliyokatika. Kamera yako, ikiwa uliiweka kwenye 4K ya megabiti 100, inaandika mega 12.5 kila sekunde. Klipu ya dakika tano na kidogo ina uzito wa karibu giga 4. Simu ikipandisha kwa megabiti 2 kwa sekunde bila kupumua, klipu hiyo peke yake inakula zaidi ya saa nne. Giga zote 180 zingekula saa 200, yaani siku nane mchana na usiku, umeme usikatike na mtandao usiyumbe hata mara moja. Kwa hiyo usitafute forfe kubwa zaidi, yaani kifurushi kikubwa zaidi cha mega. Picha zako za asili zisiondoke kwako kabisa.

Mhariri hazihitaji ili afanye kazi yake. Anachohitaji ni kuuona uso wa fundi, kuona jiwe linapogeuzwa kwenye mashine, kusikia maneno, kisha kuamua akate wapi na aunganishe nini na nini. Uamuzi huo Resolve inauandika kama maagizo: chukua faili hili, kuanzia fremu hii hadi fremu ile, liweke hapa. Maagizo hayo ni mepesi, yanapita hata kwenye mtandao mbovu. Basi wewe unamtumia nakala nyepesi za picha zako, yaani proksi, yeye anakurudishia maagizo, na filamu yenyewe inatoka kwenye kompyuta yako huko Katuba, kutoka kwenye picha za asili. Njia hii inafanya kazi vizuri sana, ila ina sharti moja gumu: kila proksi ifanane na mzazi wake kwa jina, kwa idadi ya fremu, kwa kasi ya fremu na kwa taimukodi, yaani saa ya kila fremu iliyoandikwa ndani ya faili. Hapo ndipo watu wengi huumia, na hapo ndipo nitakaa muda mrefu.

Kwanza majina. GH5 mbili zinaandika majina ya aina moja, P1000345.MOV na kadhalika, na hakuna kamera inayojua mwenzake ameandika nini. Ni rahisi kabisa kujikuta na faili mbili zenye jina moja, moja ni mahojiano na nyingine ni mkono unaosugua jiwe. Kadi ikifomatiwa na namba zikaanza upya, kamera moja peke yake inaweza kukuletea shida hiyo hiyo. Siku ya kuunganisha, Resolve inaweza kuchukua ile isiyo yake, nawe ukaona kitu cha ajabu katikati ya mazungumzo. Kwa hiyo kabla hujatengeneza proksi hata moja, yape mafaili majina mapya: ya kamera ya kwanza yaanze na A_, ya pili B_, ya simu C_, na kama kuna kadi zaidi ya moja weka namba yake pia, mfano A1_P1000345.MOV. Ukishayapa majina, usiyaguse tena hadi filamu itoke. Na kwa kuwa mafaili haya ndiyo yatakayozaa filamu ya mwisho, yawe kwenye diski mbili tofauti, zisizokaa kwenye begi moja.

Klipu za simu zishughulikie kabla ya zingine, kwa sababu zina ugonjwa wao. Simu nyingi hazishiki kasi moja ya fremu. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, kasi inashuka na kupanda. Macho hayaoni, lakini programu ya kuediti inachanganyikiwa. Utaitambua hivi: mwanzoni mwa klipu mdomo na sauti vinaenda pamoja, dakika kadhaa baadaye sauti imeanza kutangulia au kuchelewa. Dawa ni kuibadili klipu iwe ya fremu 25 zisizobadilika, kwa ubora wa juu, na kuanzia hapo hiyo mpya ndiyo unayoihesabu kama asili:

```
ffmpeg -i VID_01.mp4 -vf fps=25 -c:v libx264 -crf 16 -c:a pcm_s16le -timecode 00:00:00:00 C1_VID_01.MOV
```

Ile ya zamani ihifadhi kando, nje ya folda ya kazi.

Sasa proksi zenyewe. Resolve inaweza kuzitengeneza, na inakuja na programu ndogo inayoitwa Blackmagic Proxy Generator. Ni nzuri kwa mtu anayeediti kwenye kompyuta yake mwenyewe, lakini haikupi nafasi ya kuamua uzito, na kwa mtu anayenunua mega uzito ndio kila kitu. Mimi nakushauri ffmpeg, programu ya bure inayofanya kazi kwa amri za kuandika. Fungua dirisha la amri la Windows, lile la cmd na si PowerShell, ndani ya folda yenye picha za asili, kisha andika:

```
mkdir Proxy
for %f in (*.MOV) do ffmpeg -i "%f" -map 0:v:0 -map 0:a -vf scale=960:540 -c:v libx264 -preset slow -crf 28 -maxrate 1000k -bufsize 2000k -pix_fmt yuv420p -g 50 -c:a aac -b:a 96k "Proxy\%~nf.mov"
```

Mambo matatu humo ndani ni ya kuelewa, mengine yaache yalivyo. `scale=960:540` inaipunguza picha ya 3840 kwa 2160 hadi robo ya upana na robo ya urefu, robo kamili, kwa hiyo umbo lake halipindiki. Kama kuna klipu ulizopiga kwa upana wa 4096, hizo zifanyie folda yake na uandike 1024:540. Klipu ya simu iliyopigwa kwa kusimama nayo iwe na folda yake, na kipimo chake uandike `scale=-2:540`.

`-crf 28` inamaanisha ubora uwe wa kiasi hicho na uzito ufuate wenyewe: fundi anayeongea akiwa amekaa, ukuta umetulia nyuma yake, atatoka mwepesi sana, vumbi na maji yanayoruka kwenye mashine ya kukata jiwe vitatoka vizito. Ndiyo maana kuna `-maxrate 1000k`, kifuniko kinachozuia hata klipu ngumu isipite wastani wa megabiti moja hivi. Ukijumlisha na sauti, saa nne zote haziwezi kuzidi giga 2, na kwa kuwa filamu yako ina mahojiano mengi, naamini zitashuka chini ya hapo.

Kabla ya kuziachia zote, jaribu klipu moja iliyo ngumu kuliko zote, ile ya jiwe linapokatwa. Itazame kwa skrini nzima. Vumbi litakuwa limevunjika vipande vya mraba, na hilo si tatizo. Swali ni moja tu: je, mhariri anaweza kuona kama picha ilikuwa imeshika fokasi au la? Akishindwa kujua hilo atachagua klipu ambayo kwenye 4K ni ukungu, na utaligundua mwishoni kabisa. Kama hauoni vizuri, panda hadi 1500k kwa klipu za aina hiyo pekee. Usizipandishe zote.

Amri hiyo itachukua muda mrefu kwenye kompyuta ya kawaida, huenda usiku mzima au zaidi, lakini haitumii mega hata moja. Ifanye umeme ukiwepo. Umeme ukikatika katikati, faili lililokuwa likiandikwa litabaki nusu na halitafunguka. Lifute hilo moja, kisha rudia amri. Ffmpeg itakuuliza kwa kila faili lililokwisha kama uandike juu yake, jibu N.

Kama ulipiga kwa V-Log, mpangilio wa kamera wenye rangi zilizofifia, proksi zitatoka za kijivu na mhariri atachoka macho. Hapo unaweza kuandika `-vf scale=960:540,lut3d=vlog.cube` kwenye amri, vlog.cube likiwa faili la LUT ya V-Log lililo ndani ya folda hiyo hiyo, ili rangi ionekane ya kawaida. Ni kwa ajili ya macho yake tu. Picha ya asili haiguswi.

Zikishatoka, usizitume. Zipime kwanza, maana kosa la hapa halionekani kwa macho. Chukua klipu tano au sita kutoka kamera zote, na kwa kila moja uliza asili na proksi swali lile lile:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=nb_frames,r_frame_rate:stream_tags=timecode -of default=nw=1 A1_P1000345.MOV
```

Utajibiwa mistari kama hii:

```
r_frame_rate=25/1
nb_frames=7750
TAG:timecode=10:14:22:06
```

Fremu 7750 kwa kasi ya 25 ni dakika tano na sekunde kumi. Sasa liulize lile lililo ndani ya Proxy. Mistari yote mitatu lazima iwe sawasawa, herufi kwa herufi. Idadi ya fremu ikipungua, klipu ilikatika wakati wa kutengenezwa. Kasi ikitofautiana, kuna klipu ya simu iliyopenya bila kutibiwa. Mstari wa taimukodi ukikosekana kwenye proksi huku kwenye asili upo, tengeneza proksi hiyo upya ukiongeza `-timecode "10:14:22:06"` kabla ya jina la faili la mwisho. Usiache hili kwa kuona kwamba picha inacheza. Proksi isiyo na taimukodi inacheza vizuri tu. Inakataa siku ya kuunganisha, au mbaya zaidi, inaunganika mahali pasipo pake na kila mkato unasogea.

Hatua inayofuata wengi huiruka, nami ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: mradi wa Resolve uzaliwe kwako, si kwa mhariri. Ukimtumia proksi tupu akaanzisha mradi wake mwenyewe, Resolve yake itaamini kwamba filamu ilipigwa kwa 960 kwa 540. Akikuza uso wa mtu, akisogeza picha, anapima kwa kipimo cha picha ndogo, na siku ya kurudi kwenye 4K kuna hatari vipimo hivyo visikae. Ukiuanzisha wewe, ukiwa na picha za asili kwenye diski, mradi unajua tangu mwanzo kwamba kila klipu ni 3840 kwa 2160 na kwamba proksi ni kivuli chake tu.

Kwa hiyo fungua mradi mpya, na kabla ya kuingiza kitu chochote weka kasi ya fremu iwe 25, kwa sababu ukishaingiza klipu ya kwanza Resolve haikuruhusu kuibadili tena. Ingiza picha za asili. Kwa kuwa folda ya proksi inaitwa Proxy na iko ndani ya folda ya picha, Resolve kuanzia toleo la 18 inazishika yenyewe. Kama kuna isiyoshikwa, ibofye kwa kitufe cha kulia na uchague Link Proxy Media. Hicho pia ni kipimo: proksi ikikataliwa hapa, ingekataliwa na Dar es Salaam pia, na umelijua kabla hujatumia hata mega moja. Kisha nenda Playback, Proxy Handling, chagua Prefer Proxies, uzitazame chache. Ukiridhika, nenda File, Export Project, upate faili la .drp. Lina uzito mdogo mno.

Kabla ya kulituma, ulizaneni matoleo. Mradi uliotoka kwenye Resolve mpya haufunguki kwenye ya zamani, na uliofunguliwa kwenye mpya haurudi nyuma. Kama wewe una 18 na yeye ana 20, atakurudishia kazi ambayo huwezi kuifungua, na kushusha toleo jipya kwa intaneti ya simu ni giga kadhaa. Ni afadhali yeye, mwenye intaneti nzuri zaidi, aweke toleo lako.

Tuje kwenye kupandisha. Usizifunge proksi zote kwenye zipu moja. Najua inaonekana ni nadhifu, lakini video iliyokwisha kubanwa haipungui kwa zipu, na unajitengenezea faili moja la giga 2 ambalo likikatika kwenye giga 1.8 linaweza kukurudisha sifuri. Ziache zilivyo, kila klipu faili lake. Ile klipu yetu ya dakika tano sasa ina mega kama 42. Mtandao ukikatika, unachopoteza ni sehemu ya hizo mega 42, zilizotangulia zimeshafika.

Kutuma kwa kivinjari kunawezekana, ila mimi natumia rclone, nayo ya bure, inayopeleka mafaili Google Drive kwa amri. Akaunti ya bure ya Google ina giga 15, inatosha mara kadhaa. Ukishaiunganisha mara moja kwa `rclone config`, na kuipa jina gdrive, amri ni hii:

```
rclone copy Proxy gdrive:MALAKITI/Proxy --transfers 1 --retries 10 --max-transfer 500M --cutoff-mode SOFT -P
```

`--transfers 1` inapeleka faili moja moja. Kwa kawaida rclone inapeleka manne kwa pamoja, na kwenye laini nyembamba ukikatika unakuwa na manne ya nusu badala ya moja. `--max-transfer 500M` ndiyo inayolinda makuta yako, yaani pesa: ikishapeleka mega 500 inamaliza faili lililo njiani kisha inasimama, haianzi jingine. Weka kiasi kilicho chini kidogo ya forfe uliyonunua. Kesho ukiwa na mega zingine, rudia amri ile ile. Itayaruka yaliyokwisha kufika na kuendelea na yaliyobaki. Kitu kimoja ukijue: ukifunga kompyuta faili likiwa katikati, faili hilo moja linaanza upya. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda mafaili madogo.

Usianze na mafaili yote. Peleka klipu moja, pima muda. Mega 42 zikipanda kwa dakika tatu hivi, una karibu megabiti 2 kwa sekunde, na kazi nzima ya giga 2 itakuchukua saa mbili na robo. Zikichukua dakika kumi na tano, jaribu kubadili mahali kabla ya kubadili kitu kingine: simu ikae dirishani au nje kwenye baraza. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB badala ya hotspoti, kwa sababu inachajiwa palepale na haizimiki yenyewe kama hotspoti. Usiku wa manane laini huwa nyepesi zaidi, na kama forfe yako ina sehemu ya mega za usiku, huo ndio wakati wake. Dar es Salaam wako mbele yenu kwa saa moja, kwa hiyo ukimaliza saa kumi na moja alfajiri, kwake ni saa kumi na mbili, ataamka na kukuta kazi.

Na mara tu ukiunganisha simu, kabla ya kitu kingine chochote, izuie Windows. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao huo huo wa simu uweke Metered connection iwe On. Bila hivyo Windows inaona intaneti imepatikana, inaanza kushusha masasisho yake, OneDrive inaanza kupandisha picha za familia, na mega zinaisha ukidhani ni proksi. Vilevile, kama una programu ya Google Drive kwenye kompyuta, picha za asili zisikae kamwe ndani ya folda yake, maana itajaribu kupandisha giga zote 180.

WhatsApp iache kwa maongezi. Ukituma klipu kama video, inabanwa upya, inapoteza taimukodi na jina, na kila kipimo tulichokihangaikia kinakufa. Ikibidi kwa faili moja lililosahaulika, litume kama dokumenti, hapo linafika kama lilivyo.

Zikishapanda zote, hakikisha bila kuzishusha tena:

```
rclone check Proxy gdrive:MALAKITI/Proxy
```

Amri hii inalinganisha alama ya kila faili kwako na ile iliyohifadhiwa Drive, na inatumia data kidogo sana. Ikisema `0 differences found`, mwambie mhariri ashushe. Ikitaja faili, rudia copy.

Kwa upande wake, yeye anaingiza .drp, klipu zote zinaonekana zimekosa picha, naye hapaswi kushtuka. Anazichagua zote, Link Proxy Media, anaionyesha folda ya Proxy, na kwenye Proxy Handling anaweka Prefer Proxies. Anaediti kama kawaida. Mwombe mambo mawili tu: asibadili jina la klipu yoyote kwenye diski, na kila anachoongeza, muziki, nembo, fonti ya maandishi, akiweke kwenye folda moja akutumie. Muziki uliobaki kwenye kompyuta yake utakuwa kimya kwenye filamu yako, na fonti usiyokuwa nayo itabadilika kuwa nyingine na kuvunja mistari ya majina.

Akimaliza anakutumia .drp mpya. Iingize kama mradi wa pembeni, usifute ule wako wa kwanza. Weka Proxy Handling kwenye Prefer Camera Originals na upitie timeline polepole, ukisimama kwenye kila mkato wa mahojiano. Unatafuta neno lililokatwa nusu au mdomo usiolingana na sauti. Ukiona mkato mmoja umesogea, rudi kwenye klipu hiyo na ulinganishe taimukodi kama tulivyofanya mwanzo. Wakati wa kutoa filamu, kwenye ukurasa wa Deliver, hakikisha kisanduku cha Use proxy media hakina alama. Kikiwa na alama, utapata faili linalosema ni 4K huku limetengenezwa kwa picha za 540. Utalitambua kwa nywele na chembechembe za jiwe: zikiwa laini kama zimepakwa mafuta, rudi ukiangalie kisanduku hicho.

Huenda mhariri akataka picha za asili kwa shoti chache, pengine kusawazisha rangi ya kijani ya malakiti, ambayo proksi haiwezi kumwonyesha sawasawa. Mpe hizo chache tu. Shoti ya sekunde kumi ni mega 125. Tano au sita zinapita kwa usiku mmoja. Lakini akisema anataka kufanya rangi ya filamu nzima, piga hesabu kwanza: filamu ya dakika 12 ikikatwa sawasawa na mikato yake ni giga 9, na hapo diski ndogo anayopewa msafiri wa basi la kupitia mpaka wa Kasumbalesa ni rahisi kuliko mega za giga 9.